Kabla Hujamtajia Neno, Hesabu Hadi Tano

"Walimkata ng'ombe," alisoma.

Kitabuni palikuwa pameandikwa walimkuta. Sentensi nzima ilikuwa hivi: "Wazee walipofika shambani, walimkuta ng'ombe amelala chini ya mti, wakamwamsha." Msomaji alikuwa mtoto wa darasa la pili, miaka minane, kidole cha shahada kimetulia chini ya mstari. Mimi nilikuwa nimeketi kushoto kwake kwenye benchi nje ya darasa, chini ya mgrivea. Ilikuwa Jumanne yangu ya kwanza ya kujitolea. Hata "amelala" hajalifikia, nikamkatiza: "Hapana! Walimkuta. Angalia vizuri!"

Akaangalia. Ila hakuangalia kitabu, aliniangalia mimi. Akarudia "walimkuta" kwa sauti ya chini, na kuanzia hapo kila neno akawa analisoma nusu, anainua macho kunitazama usoni aone kama yuko sawa. "A-me..." macho juu. "La-la..." macho juu. Mpaka tunafika mwisho wa ukurasa, alikuwa ameacha kusoma kitabu, anasoma uso wangu.

Naandika haya kwa ajili ya wazazi wenzangu wa hapa Moshi, na wa kwingine kokote, ambao wameombwa na mwalimu waende shuleni kusikiliza watoto wakisoma. Sisi tuliombwa kwenye kikao cha wazazi. Darasa lina watoto 87 na mwalimu ni mmoja. Akisema amsikilize kila mtoto dakika tano tu kwa siku, zinapita saa saba na zaidi hata hajafundisha kitu kingine. Tukajitokeza sita: mimi ni fundi cherehani, yupo mama anayeuza ndizi, yupo babu mstaafu wa reli, na kijana wa bodaboda ambaye Alhamisi asubuhi huwa hana abiria wengi. Tulipewa vitabu na orodha ya majina. Namna ya kusikiliza hatukupewa, kwa hiyo kila mmoja akasikiliza kama alivyosikilizwa yeye utotoni, na wengi wetu tulisikilizwa na mtu mwenye fimbo mkononi.

Baada ya siku ile mwalimu aliniita pembeni. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mama, ungemwacha afike kwenye nukta, unadhani ingekuwaje?"

Nimelifikiria sana swali lile. Ningemwacha, angesoma: wazee walimkata ng'ombe, amelala chini ya mti, wakamwamsha. Hapo kwenye "wakamwamsha" angegutuka. Mtoto wa Kilimanjaro anamjua ng'ombe, kwao yupo zizini anakula majani ya migomba. Anajua kwamba ng'ombe aliyekatwa haamshwi. Sentensi yenyewe ingemwambia amekosea, naye angerudi nyuma kutafuta wapi. Mimi nilimnyang'anya nafasi hiyo kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwa sahihi.

Utaratibu tunaoutumia sasa ulianzia Nyuzilandi mwishoni mwa miaka ya 1970. Watafiti Ted Glynn, Stuart McNaughton na Viviane Robinson walifanya kazi na wazazi wa mjini Auckland ambao watoto wao walikuwa wamebaki nyuma kusoma, wakawafundisha mambo matatu: kusubiri, kudokeza, kusifu. Mtoto akikwama au akikosea, unanyamaza sekunde tano hivi, au mpaka afike mwisho wa sentensi. Asipojirekebisha, unampa kidokezo. Vidokezo viwili vikishindikana, unamtajia neno na safari inaendelea.

Sekunde tano zinasikika kama kitu kidogo. Jaribu kukaa na mtoto aliyekwama, jicho lake kwenye neno, mdomo wazi, halafu hesabu kimoyomoyo: moja... mbili... tatu. Ukifika tatu utahisi unamtesa. Babu yetu wa reli aliniambia kwamba alikuwa anaziona sekunde zile ndefu kuliko kungoja treni ya mizigo. Kinachosaidia ni kutazama macho ya mtoto. Kama yako kwenye karatasi na midomo inachezacheza, anafanya kazi, mwache. Kama yameinuka kwako au yameenda uwanjani, kazi imesimama, na hapo ndipo unapofungua mdomo.

Ukifungua mdomo, unasema nini? Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, kwa sababu nilidhani kosa ni kosa tu. Siyo. Namna mtoto alivyokosea ndiyo inayokuchagulia kidokezo.

Chukua sentensi hii: "Bibi alipika mtori." Mtoto anasoma, "Bibi alipiga mtori." Herufi amezikaribia sana, ila maana imepotea. Huyu usimpeleke kwenye herufi, maana huko tayari yuko, na ndiko alikozama. Mpeleke kwenye habari: "Bibi aliufanyaje huo mtori?" Mara nyingi utamwona anatabasamu kwanza, kisha anarudi. Kumbuka anakotakiwa kurudi ni kwenye kitabu. Akijibu tu kwa kichwa chake, "aliupika", mwambie, "Haya, tuone kama ndivyo kilivyoandika," akisome tena.

Sasa chukua kinyume chake. Picha inaonyesha gari, sentensi inasema, "Baba alipanda basi," na mtoto anasoma bila wasiwasi, "Baba alipanda gari." Maana ipo kabisa. Amekisia kutoka kwenye picha. Ukimuuliza maana, utampoteza, kwa sababu kwa upande wa maana hajakosea. Huyu ndiye wa kumrudisha kwenye herufi: "Inaeleweka, kweli. Hebu tazama neno hili linavyoanza." Kidole kwenye b. Huna haja ya kuongeza neno.

Wa tatu ni yule anayenyamaza. Hajasema neno lolote, basi huna kosa la kulifuata. Huyo mwambie arudie sentensi tangu mwanzo, kwani mara nyingi mwendo wa sentensi humvusha mahali alipokwama. Au, kama neno liko mapema kwenye mstari, alivuke, asome mpaka nukta, kisha alirudie.

Hayo matatu yanatosha kwa siku nyingi za kwanza. Nilipoanza nilikuwa na tabia ya kumimina vidokezo vyote kwa pamoja: "Angalia herufi, angalia picha, fikiria, ulisoma nini jana?" Mtoto hawezi kushika vinne. Mpe kimoja, kisha subiri tena zile tano.

Kiswahili chetu kina mambo yake ambayo utaratibu wa Nyuzilandi haukuyagusa. Kwanza, mtoto wetu akishajua silabi, anaweza kutamka karibu neno lolote lililoko mbele yake hata kama halijui, kwa sababu herufi zetu karibu zote hutamkwa vilevile kila mahali. Hiyo ni neema, lakini ina mtego. Utasikia: "ma... chu... ngwa." Silabi zote tatu sahihi. Unamuuliza amesoma nini, hajui. Machungwa ayajuayo tangu anatambaa!

Sababu yake ni mkazo. Tunapozungumza, sauti hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: maCHUngwa. Mtoto anapozipa silabi zote uzito mmoja, neno linalotoka mdomoni mwake halifanani na lile analolisikia nyumbani, na sikio lake halilitambui. Kwa hiyo mtoto anayetaja silabi sawasawa lakini habari haimwingii, usimrudishe kwenye silabi. Mwambie: "Umezipata zote. Sasa liseme kwa mara moja, kama unavyolisema sokoni." Nimeona nyuso zikifunguka kwa sentensi hiyo tu. Na maneno kama barabara yanadai zaidi, kwa sababu herufi ni zilezile kwa njia ya magari na kwa kitu kilichofanyika sawasawa. Mkazo ndio unaoyatofautisha, nao hauandikwi. Hapo ni sentensi nzima tu inayoamua.

Pili, vitenzi vyetu ni virefu. Mtoto wa darasa la pili anakutana na hawakutusubiri na kwake ni treni yenye mabehewa saba. Akianza ha-wa-ku-tu-, akifika -subiri amesahau alikoanzia. Fundisho nililopewa na mwalimu, na ambalo nalitumia kila wiki, ni kulifunika neno kwa kipande cha karatasi ngumu. Unaacha nje mwisho tu: subiri. Hilo analijua, kila siku anaambiwa asubiri. Unasogeza karatasi kidogo: tusubiri. Unasogeza tena: kutusubiri. Unaondoa karatasi: hawakutusubiri. Unamwachia alisome lote kwa mara moja, kisha arudie sentensi. Mimi hukata vipande hivyo kutoka kwenye maboksi ya nyuzi pale kwenye cherehani, upana wa vidole viwili. Kidole chenyewe hakifai sana, kinaziba na mstari wa chini.

Na ng'? Watoto wengi wanaisoma ng'ombe kwa sauti ya ngoma, kwa sababu hawakioni kile kialama cha juu. Hapa kidokezo kifupi kinatosha: gusa kialama kwa ncha ya penseli, nyamaza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wazazi wanalibishania sana, nalo ni matamshi. Mtoto anasoma dhahabu akisema "zahabu", thamani akisema "samani", ghali akisema "gali". Wengine l na r zinabadilishana mdomoni. Mzazi anayesikiliza anaruka juu. Mimi nasema usimkatize. Muulize tu, mkifika nukta, "Dhahabu ni kitu gani?" Akikujibu ni ile ya pete na hereni, basi amelisoma neno, na ulimi utashughulikiwa na mwalimu wakati wa matamshi. Ukimsimamisha kwenye kila dh, unamfundisha kwamba kusoma ni kutamka vizuri mbele ya watu, na habari iliyomo kitabuni inakuwa ya bure. Mahali pa kuchunguza ni pale matamshi yanapozaa neno jingine. Akisoma "kura" mahali penye kula, huwezi kujua kwa kusikia tu kama ni ulimi au ni jicho. Swali la maana litakuambia.

Nimezungumzia sana ukali, lakini katika sisi sita mkali nilikuwa mimi peke yangu. Mwenzangu anayeuza ndizi alikuwa mpole kupita kiasi, na naamini, wala sisiti kusema, kwamba upole wa aina ile huchelewesha mtoto kama ukali unavyomchelewesha. Mtoto akisitasita tu, yeye alishamtajia neno, kwa sauti tamu kabisa: "Sokoni, mwanangu. Haya. Alinunua. Haya." Watoto walimpenda mno. Siku moja tukakaa na penseli, mmoja anasikiliza, mwingine anaweka alama kwa kila neno analotaja mtu mzima. Kwenye ukurasa mmoja alitaja maneno 14. Mwenyewe alishtuka, akasema, "Kumbe kitabu nimesoma mimi." Tangu siku hiyo huwa anashika kiganja chake cha kushoto kwa cha kulia anapohesabu tano zake, na watoto bado wanampenda.

Vidokezo viwili vikiisha na bado hajalipata neno, mtajie. Mtajie kwa sauti ya kawaida, bila "si nimekwambia" wala kuhema. Arudie sentensi nzima akiwa na neno hilo ndani yake, muendelee. Kumng'ang'aniza mtoto kwenye neno moja dakika tatu si subira.

Na kama unamtajia mara kwa mara, tatizo liko kwenye kitabu. Kipimo chetu ni vidole. Chagua sehemu yenye maneno kama 50, kunja kidole kimoja kwa kila neno linalomshinda kabisa. Vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ya kufika mwisho, kitabu hicho ni kigumu kwake leo. Kifunge bila kumlaumu, "Hiki tutakirudia," chukua chepesi zaidi. Vidokezo vyote nilivyovieleza vinahitaji mtoto awe anayaelewa maneno mengi yanayolizunguka lile gumu. Akikosa neno moja katika kila manne, hana habari ya kumsaidia kugutuka, anabaki kubahatisha.

Wapo pia wanaosoma bila kukosea na hawasomi. Hili lilinichukua mwezi mzima kulijua. Kijana mmoja alikuwa anateleza ukurasa mzima kama maji, nami nikawa nampongeza kila siku. Siku moja upepo ukafunua karatasi, ukaenda kurasa mbili mbele, naye akaendelea na maneno yaleyale ya ukurasa uliopita. Alikuwa amekariri. Darasani husoma kwa pamoja, mwalimu mbele, watoto 87 nyuma yake, na sikio la yule mtoto ni zuri kuliko jicho lake. Siku hizi mtoto akiteleza mno, naweka kidole katikati ya mstari na kuuliza, "Na hili hapa?" Kisha moja lingine mstari wa chini. Akilazimika kuanza mwanzo wa mstari na kuhesabu maneno mpaka alifikie, najua. Huyo simwaibishi. Tunarudi kwenye sentensi fupi ambazo hajawahi kuzisikia, nyingine naandika mwenyewe kwenye daftari: "Babu ana kuku wawili." "Kuku wa babu wana njaa."

Kusifu ndiko kulikonishangaza. Nilizoea "hongera sana, mpigieni makofi", na watoto wanapenda makofi, siyakatai. Ila makofi hayamwambii mtoto amefanya nini. Aliyesoma "alipiga", akasimama, akarudi na kusema "alipika", ananisikia nikisema: "Umeona mwenyewe halikai sawa, ukarudi." Sifa hiyo naitoa zaidi kwa kujirekebisha kuliko kwa kusoma bila kosa. Anayejirekebisha hatanihitaji nyumbani jioni akiwa peke yake na kitabu.

Kuna mambo ambayo mzazi wa benchini hayawezi, na ni vizuri kuyatambua mapema. Mtoto asiyezijua herufi zenyewe, vidokezo havimsaidii. Huyo anahitaji kufundishwa sauti za herufi na silabi, na hiyo ni kazi ya mwalimu, mpelekee jina lake. Mtoto anayekiweka kitabu karibu na pua, au anayekunja uso akitazama mstari, pengine anahitaji kupimwa macho. Anayekuomba urudie kila swali, masikio. Nimewahi kuandika hivyo kuhusu watoto wawili, na mmoja sasa anavaa miwani.

Mambo ya benchi lenyewe niyapitie haraka. Tunakaa nje, mahali mwalimu na watu wote wanatuona. Tunakaa ubavuni mwa mtoto, si mbele yake, ili wote wawili tutazame karatasi moja na asiwe na uso wa kusoma. Dakika kumi kwa mtoto mmoja, si zaidi. Juni na Julai, ukungu unaposhuka kutoka mlimani na vidole vimekufa ganzi, tunahamia ukumbini. Wenzake wasikae karibu kiasi cha kusikia makosa, kwa sababu kicheko kimoja cha mwenzake kinafuta wiki tatu. Na makosa ya mtoto hayasimuliwi njiani wala sokoni. Mama yake ni jirani yako.

Kila baada ya mtoto mmoja naandika mstari mmoja kwenye daftari ambalo mwalimu hulipitia Ijumaa. Siandiki "anajitahidi", kwa sababu mwalimu hana la kufanya na neno hilo. Naandika neno lililokuwa kitabuni, alilosema mtoto, na kilichofuata. Ndivyo anavyoona kwamba watoto tisa wiki moja wameikosea ng', akalifundisha Jumatatu kwa darasa zima.

Yule wa ng'ombe ilinichukua wiki sita kumrudishia macho kwenye kitabu. Wiki mbili za mwanzo alikuwa bado ananitazama kila neno, nami nikijizuia nisitikise kichwa, wala kwa ndiyo wala kwa hapana, macho yangu kwenye kidole chake tu. Mstari wake wa Alhamisi iliyopita uko hivi:

"Mjomba alishuka kwenye basi. Amesoma: alishika kwenye basi. Akafika kwenye nukta. Akarudi. Alishuka. Sikusema kitu."